Kompyuta ya familia: kwa nini Chrome inarudisha injini ya utafutaji na kurasa usizozitaka

Mama aliweka Google, lakini leo akitafuta kitu anapelekwa kwenye injini asiyoijua. Baba aliweka barua pepe yake ifunguke asubuhi, badala yake zinafunguka katuni alizoacha mtoto jana. Mtoto anasema hajagusa kitu, na mara nyingi anasema kweli. Kompyuta moja ikitumiwa na watu wanne, mipangilio ya kivinjari inaweza kubadilika kwa njia ambazo hakuna hata mmoja wao aliyeziona.

Hapa nitazungumzia Chrome kwenye Windows 10 na 11. Majina ya vitufe nitayaandika kama yanavyosomeka Chrome ikiwa kwa Kiingereza. Kama yako umeiweka kwa Kiswahili, tegemea zile anwani zinazoanza na chrome:// kwa sababu hizo ni zilezile kwa kila lugha. Unaziandika juu, kwenye upau wa anwani, kisha unabonyeza Enter.

Kabla ya kubadilisha chochote, chunguza jambo moja: kile usichokitaka kinarudi wakati gani? Kama mpangilio umefungwa na haukubali kabisa kubadilishwa, kuna kiendelezi, yaani programu ndogo iliyoongezwa ndani ya Chrome, au sera, yaani agizo lililoandikwa ndani ya Windows, inayoushikilia. Kama unakubali kubadilika, lakini ukifunga Chrome na kuifungua tena ukurasa ule umerudi, tazama njia ya mkato unayobofya, au Windows yenyewe. Na kama mambo yanakaa sawa kwa siku mbili tatu kisha yanabadilika bila mpangilio, tafuta mtu mwingine anayetumia profaili hiyohiyo, yaani seti ileile ya mipangilio na alamisho ndani ya Chrome, au kompyuta nyingine iliyofunguliwa kwa akaunti yenu. Ukijua wakati, umeshapunguza nusu ya kazi.

Nimeweka ukurasa wa nyumbani, lakini haufunguki ninapoanza

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na aghalabu hakuna kilichoharibika. Chrome ina mipangilio mitatu ambayo watu huidhani ni mmoja.

Wa kwanza ni kurasa za kuanzia, zinazofunguka unapowasha Chrome. Unapatikana hapa:

```
chrome://settings/onStartup
```

Hapo kuna machaguo matatu. "Open the New Tab page" hufungua kichupo kipya kitupu. "Continue where you left off" hurudisha vichupo vyote vilivyokuwa wazi mara ya mwisho. "Open a specific page or set of pages" ndiyo inayokuruhusu kutaja kurasa zako, moja baada ya nyingine kwa "Add a new page", au zote zilizo wazi kwa mkupuo mmoja kwa "Use current pages".

Wa pili ni ukurasa wa nyumbani. Huu haufunguki wenyewe. Unafunguka unapobofya alama ya nyumba iliyo kando ya upau wa anwani, au unapobonyeza Alt pamoja na Home. Alama hiyo huwa imefichwa mpaka uiwashe kwa "Show home button" kwenye chrome://settings/appearance. Kwa hiyo mtu anayeandika anwani ya barua pepe yake hapo, kisha akasubiri ifunguke asubuhi, atasubiri bure.

Wa tatu ni injini ya utafutaji, iliyo kwenye chrome://settings/search. Huo unaamua maneno unayoandika kwenye upau wa anwani yanapelekwa wapi. Haugusi kurasa zinazofunguka.

Kichupo kipya, kile unachokifungua kwa alama ya kujumlisha, hakimo kwenye mipangilio yote mitatu. Chrome haina mahali pa kuandika anwani ya ukurasa uutakao hapo. Ukiona kichupo kipya kina sura ngeni, saa kubwa, picha za mandhari na kisanduku cha kutafutia usichokijua, jua ni kiendelezi kimekaa juu yake.

Kurasa za kuanzia nimeziweka vizuri, lakini mara zinafunguka, mara hazifunguki

Kurasa za kuanzia hufunguka pamoja na dirisha la kwanza la Chrome kwa profaili ile. Kama mtoto ameacha dirisha limeshushwa chini, wewe ukifungua lingine, Chrome inahesabu kwamba ilikwisha kuanza, na unapewa kichupo kitupu. Funga madirisha yote, hata yaliyoshushwa kwenye upau wa kazi, kisha ujaribu upya.

Kama mipangilio inapotea kabisa kila mkifunga, tazama kona ya juu kulia. Huenda mnatumia dirisha la "Guest". Dirisha hilo limetengenezwa lisikumbuke kitu, na ni zuri kwa mgeni anayeomba kuangalia barua pepe yake mara moja, lakini si mahali pa mwenye nyumba kuishi.

Nikifungua Chrome nakuta vichupo vya mtu mwingine

Chanzo ni "Continue where you left off". Kwenye kompyuta ya mtu mmoja mpangilio huu unafaa sana. Kwenye kompyuta ya sebuleni ningeuondoa leo hii, na sababu yangu ni nzito kuliko usumbufu wa kukuta katuni. Chrome inaporudisha vichupo inahifadhi pia vidakuzi vya kikao, yaani ile taarifa inayoiambia tovuti kwamba wewe umeshaingia. Tovuti ambayo ingekutoa ulipofunga kivinjari, inakuacha ndani. Baba anafunga dirisha lenye barua pepe za kazini akidhani amemaliza, na atakayefungua Chrome baada yake anakuta barua zote ziko wazi.

Weka "Open a specific page or set of pages" na utaje kurasa mbili, zikizidi tatu. Kila ukurasa wa kuanzia unapakuliwa upya kila Chrome inapofunguliwa, na nyumba inayotumia bando la simu italipia hilo kila siku. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 nayo italemewa kabla mtu hajaanza kazi. Kwa familia yenye wanafunzi Tanzania, ukurasa wa maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu pamoja na ule wa barua pepe vinatosha. Vingine viweke kwenye alamisho.

Kuna hali inayofanana na hii lakini chanzo chake ni Windows. Umewasha kompyuta, umeingia, na Chrome imejifungua yenyewe na vichupo vya jana kabla hujaigusa. Fungua Settings ya Windows, nenda Accounts, kisha Sign-in options, na uzime "Automatically save my restartable apps and restart them when I sign back in". Ukiwa humohumo kwenye Settings, pita pia kwenye Apps, halafu Startup, uone kama kuna kitu cha ajabu kinachowashwa pamoja na kompyuta.

Ukurasa mgeni unafunguka nikitumia alama moja, nikitumia nyingine haufunguki

Jaribu hivi. Fungua Chrome kwa alama iliyo kwenye upau wa kazi, chini. Ifunge. Ifungue tena kutoka menyu ya Start. Kama ukurasa mgeni unakuja kwa njia moja tu, mipangilio yako haina kosa. Anwani imebandikwa kwenye njia ya mkato.

Ili uione, bofya kulia alama iliyo kwenye upau wa kazi, kisha kwenye orodha inayotokea bofya kulia tena maneno "Google Chrome", uchague Properties. Tazama mstari wa Target. Unatakiwa kuishia hivi:

```
"C:\Program Files\Google\Chrome\Application\chrome.exe"
```

Kikifuata kitu kama --profile-directory="Profile 1", kiache. Hicho kinaiambia Chrome ifungue profaili ya nani, na ni halali. Ikifuata anwani ya tovuti, ifute, ubofye OK. Njia rahisi zaidi ni kuiondoa alama hiyo kabisa na kubandika mpya kutoka menyu ya Start. Kagua pia ile iliyo kwenye desktop, maana programu inayochezea moja huchezea zote.

Nimeweka Google, bado napata majibu ya Bing

Uliza kwanza ulikuwa umeandika wapi. Kisanduku cha kutafutia kilicho chini kwenye upau wa kazi ni cha Windows, si cha Chrome. Kwa kawaida ukitafuta mambo ya mtandaoni kupitia hapo, majibu yanakuja kwa Bing ndani ya Edge, hata kama Chrome ndiyo kivinjari chako kikuu. Hakuna mpangilio wa Chrome utakaobadilisha hilo. Mzee anayeandikia pale chini aonyeshwe tu kuandikia kwenye upau wa anwani wa Chrome.

Kumbuka pia kwamba Edge na Chrome hazishirikiani mipangilio. Kama mtoto anatumia Edge, injini yake inabadilishwa kule kule, kwenye edge://settings/search.

Lakini kama uliandika ndani ya upau wa anwani wa Chrome na bado ukapelekwa pengine, hapo kuna mkono wa mtu wa tatu. Kisa kinachofuata kinaonyesha jinsi ya kuufuata mpaka mwisho.

Kisa: kompyuta ya nyumbani kwa dada

Dada yangu alinipigia simu: "Kaka, hii kompyuta nikitafuta kitu inazunguka kwanza, halafu inanipa majibu ya ajabu." Nilipokaa mbele yake niliandika maneno mawili kwenye upau wa anwani, bei mahindi, na nikaangalia pale juu badala ya kuangalia majibu. Kwa nusu sekunde ikatokea anwani ndefu ya tovuti nisiyoijua, halafu ikaja kurasa ya majibu ya injini nyingine kabisa, ya kawaida tu. Hiyo anwani ya katikati ndiyo ya kuikamata kwa jicho. Mwenye kuiweka analipwa kwa kila utafutaji unaopita kwake, na ndiyo maana mwisho wa safari unafika kwenye injini halali, ili usishtuke.

Nikafungua chrome://settings/search. Unapofika hapo, moja ya mambo mawili hutokea. La kwanza ni kukuta jina la injini ngeni, na chini yake maneno yanayosema kwamba kiendelezi fulani kinadhibiti mpangilio huu, pamoja na kitufe cha "Disable". La pili ni kukuta Google imekaa mahali pake, ilhali majibu yanakwenda kwingine. Hilo la pili maana yake kuna kiendelezi kilichopewa ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote. Hakihitaji kugusa mpangilio, kinakugeuza njiani.

Kwa dada lilikuwa la kwanza, ila kitufe cha "Disable" hakikuwepo. Nikabofya jina la kiendelezi, Chrome ikanipeleka kwenye chrome://extensions. Kiendelezi kilikuwa pale, kinajiita kigeuzi cha PDF, lakini hakikuwa na kitufe cha "Remove", na swichi yake ilikuwa ya kijivu, haibofyeki. Chini yake paliandikwa kuwa kimewekwa na msimamizi. Nikafungua menyu ya vitone vitatu, na mwisho kabisa nikasoma "Managed by your organization". Kompyuta ya nyumbani haina shirika la kuisimamia. Hiyo ni dalili ya sera.

Sera ni maagizo yanayoandikwa kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, na Chrome huyatii kuliko inavyomtii mtu aliyekaa mbele yake. Maofisi huyatumia kuziongoza kompyuta zao. Ili kuyasoma:

```
chrome://policy
```

Pale kwa dada palikuwa na mstari mmoja tu: ExtensionInstallForcelist. Thamani yake ilikuwa mfululizo wa herufi 32, zote kati ya a na p, ukifuatwa na nukta mkato na anwani ya duka la viendelezi. Herufi hizo ni kitambulisho cha kiendelezi. Nikarudi chrome://extensions, nikawasha "Developer mode" ili vitambulisho vionekane, nikalinganisha herufi za mwanzo na za mwisho. Zilikuwa zilezile. Hapo nikawa na uhakika ninayemshika ndiye.

Huenda ukajiuliza kwa nini mwenye kufanya hivi hakuandika moja kwa moja sera ya kubadilisha injini, maana nayo ipo, na zipo pia za ukurasa wa nyumbani na za kurasa za kuanzia. Chrome kwenye Windows huzipuuza sera hizo nyeti kwenye kompyuta isiyosimamiwa kweli na ofisi, na kwenye chrome://policy inaonyesha kwamba zimezuiwa. Kwa hiyo mlango unaobaki ni kulazimisha kiendelezi kutoka dukani, na kiendelezi ndicho kinachobadilisha injini.

Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Nikamuuliza kwa upole. "Mjomba, mimi nilipakua tu programu ya kugeuza PDF, ya homework. Nilibofya Next, Next." Hakuwa na kosa la maana. Programu ile ilikuja na mzigo wake, na akaunti aliyokuwa akitumia ilikuwa na mamlaka ya msimamizi, kwa hiyo Windows iliuliza Yes au No na yeye akajibu Yes.

Mpangilio wa usafishaji una umuhimu. Anza na kilichoandika sera, kisha sera yenyewe. Ukianza na sera, programu iliyobaki itaiandika upya. Nilikwenda Settings, Apps, Installed apps, nikapanga kwa tarehe, nikaondoa kile kigeuzi pamoja na programu nyingine iliyoingia siku hiyohiyo ambayo hakuna aliyeifahamu. Kisha nikafungua Task Scheduler nikaangalia kazi zilizopangwa, nikitafuta iliyotengenezwa siku ile au inayofungua kivinjari na anwani. Palikuwa safi.

Ndipo nikafungua Command Prompt kwa "Run as administrator". Kwanza kusoma:

```
reg query "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /s
reg query "HKCU\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /s
```

Mstari wa kwanza unasoma maagizo ya kompyuta nzima, wa pili ya mtumiaji aliyeingia. Kwa dada, wa kwanza ulionyesha zile herufi 32, wa pili ukasema haukupata kitu. Nikaweka nakala, kisha nikafuta:

```
reg export "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" "%USERPROFILE%\sera.reg"
reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /f
```

Nakala ni muhimu, kwa sababu zipo programu halali, kama za kulinda watoto, zinazoandika sera mahali hapohapo. Ukigundua umefuta kilichokuwa kinahitajika, unabofya mara mbili lile faili la sera.reg na kila kitu kinarudi.

Baada ya hapo nilifunga Chrome, nikaifungua, nikabofya "Reload policies" kwenye chrome://policy. Orodha ikawa tupu. Maneno ya "Managed by your organization" yakaondoka, kiendelezi nacho kikaondoka pamoja na sera iliyokilazimisha. Kama kwako kitabaki, sasa kitufe cha "Remove" kitaonekana. Nikarudi chrome://settings/search, nikachagua Google, na kwenye "Manage search engines and site search" nikafuta ile injini ngeni ili mtu asiichague kwa bahati mbaya. Halafu nikawasha kompyuta upya na kutafuta tena bei mahindi. Usiruke hatua hii ya kuwasha upya, maana kama kuna kazi iliyojificha inayoandika sera, itajionyesha hapo.

Tahadhari kwa wanaonunua laptop zilizotumika maofisini. Ukikuta sera nyingi, kumi au ishirini, zenye majina ya seva na anwani za kampuni, hujavamiwa. Kompyuta haikusafishwa vizuri kabla ya kuuzwa, na huenda bado imeunganishwa na mtandao wa ofisi ile. Hapo usifute sera moja moja. Hifadhi mafaili yako na uweke Windows upya. Na kama laptop ni ya kazini kwa baba, bado ni mali ya mwajiri, sera zake ziacheni kabisa.

Imekaa sawa siku kadhaa, kisha imebadilika

Hapa hakuna virusi. Kuna usawazishaji. Mtu akiingia Chrome kwa akaunti ya Google na kuruhusu usawazishaji, injini yake, ukurasa wake wa nyumbani na kurasa zake za kuanzia vinasafiri naye. Mama akibadilisha kurasa za kuanzia kwenye kompyuta ya dukani, za nyumbani zinabadilika. Kiendelezi kikiwekwa kule kinatokea huku.

Fungua chrome://settings/syncSetup uone ni akaunti ya nani iliyoingia. Mara nyingi utakuta si ya yule unayemdhania. Kama mnataka alamisho zisafiri lakini mipangilio ibaki, bofya "Manage what you sync", chagua "Customize sync", kisha zima "Settings" na "Extensions" peke yake kwenye orodha inayotokea. Kisha pitia vifaa vilivyoingia kwa akaunti ile:

```
https://myaccount.google.com/device-activity
```

Ukikuta kompyuta ya intaneti kafe ya mwaka jana bado imo, itoe.

Kutenganisha watu

Familia ikishiriki profaili moja, hakuna mpangilio utakaomridhisha kila mtu, na ugomvi utarudi. Bofya picha ya duara juu kulia, ongeza profaili kwa kila mtu, mpe rangi yake na jina lake. Kila profaili ina injini yake, kurasa zake, viendelezi vyake na alamisho zake. Kwenye ukurasa wa "Who's using Chrome?" weka alama kwenye "Show on startup" ili Chrome iulize kila inapofunguliwa. Kwa bibi au babu, fungua profaili yake, nenda chrome://settings/manageProfile, na uwashe kitufe cha kutengeneza njia ya mkato kwenye desktop. Atabofya picha yake na kukuta kurasa zake.

Usifute profaili ya zamani mpaka mwenyewe amehakikisha alamisho na maneno yake ya siri yamehamia kwenye akaunti yake, kwa sababu kufuta profaili kunafuta vilivyomo kwenye kompyuta hiyo.

Profaili ina mpaka wake, na wazazi wengi hawaujui: haina neno la siri. Mtoto anaweza kubofya ya mama na kuingia. Inatenganisha mipangilio, hailindi siri. Anayetaka ulinzi atengeneze akaunti za Windows. Nenda Settings, Accounts, Other users, uongeze mtu. Kama hana akaunti ya Microsoft, chagua "I don't have this person's sign-in information", kisha "Add a user without a Microsoft account". Akaunti ya mtoto iwe ya kawaida, Standard User, na ile ya msimamizi iwe na neno la siri analolijua mzazi peke yake. Hapo kigeuzi cha PDF kikitaka kuandika sera kwenye rejista, Windows itaomba neno la siri ambalo mtoto hana.

Kurudisha Chrome ilivyokuwa

Watu hukimbilia hapa kwanza, mimi hupaacha mwisho:

```
chrome://settings/reset
```

Kitufe hicho kinarudisha injini, ukurasa wa nyumbani na kurasa za kuanzia kama zilivyotoka kiwandani, kinazima viendelezi vyote na kufuta vidakuzi, kwa hiyo kila mtu atatakiwa kuingia upya kwenye tovuti zake. Alamisho, historia na maneno ya siri yaliyohifadhiwa vinabaki. Kinafanya kazi kwenye profaili uliyoifungua pekee, hivyo nyumba yenye profaili nne itahitaji kuifungua ile yenye tatizo. Sera iliyo kwenye rejista hakiifuti. Kama umebofya na ukurasa mgeni ukarudi palepale, usibofye mara ya pili. Rudi kwenye mstari wa Target na kwenye chrome://policy.